Mwenye Nyumba ya Furaha

Kisugu, Kampala
6 Septemba 1987

Kaka yangu Saverio,

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu wa Baba na Mungu wa Mama, maana sijui ni yupi kati yao anayenishikia zamu siku hizi. Mvua zimeanza na bati la chumba changu linavuja palepale pa mwaka jana. Bado nachambua kahawa ghalani Bugolobi. Vidole vimekuwa vyeusi, lakini nakula. Kambi ya polisi ya Naguru nilipita mwezi jana. Nyumba yetu ya zamani inakaliwa na watu wengine, na wamepanda mahindi pale Mama alipokuwa akiswalia. Sikuingia.

Barua hii anakuletea Makokha, yule Mkenya auzaye mitumba sokoni Owino. Mpe jibu mkononi, posta usiiamini.

Sasa sikiliza. Alanyo wangu hachezi. Watoto wa majirani wanaruka kamba mlangoni kwangu, yeye anawatazama kama askari anayelinda benki. Nilimshonea mwanasesere wa vitambaa. Siku ya pili nikamkuta kamfumua, kachukua vifungo viwili vya macho na kuyaacha matambara. Hacheki. Nikimwita jina haitiki mpaka nimguse bega. Watu wananiambia ni vita, atasahau. Mwaka wa pili huu unakwisha.

Babu Rajabu alikufundisha falaki wewe peke yako, sisi wengine tukiambiwa tukachote maji. Alanyo alipozaliwa ulimpigia hesabu zake, nakumbuka ile karatasi yenye vyumba kumi na viwili. Nisomee nyumba ile ya michezo. Nataka kujua Alanyo anapenda nini. Niandikie yote, usinipunguzie.

Je, bado unapiga tarumbeta?

Dada yako,
Lakica


Bungoma
27 Septemba 1987

Dada Lakica,

Makokha amefika na barua yako na malalamiko yake ya barabara. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama unayemgombeza mtu. Mimi nalinda duka la Mzee Nyongesa hapa sokoni, nalala mchana na kukesha usiku. Kazi hiyo inamfaa mtu aliyezoea kutazama juu. Kifua kinanisumbua kidogo wakati wa baridi. Wenyeji ni watu wema na wanakula kuku kuliko watu wote niliowahi kuishi nao.

Karatasi ya Alanyo ninayo. Nilitoka Kampala na vitu vitatu, na hiyo ni kimojawapo, ndani ya kitabu cha Babu cha hesabu za nyota.

Utaratibu ni huu. Burji, yaani fungu la nyota, inayochomoza mashariki mtoto anapolia mara ya kwanza ndiyo nyumba ya kwanza, yaani yeye mwenyewe. Kutoka hapo unahesabu mpaka ya tano. Ya tano ni nyumba ya watoto, michezo, mapenzi na kila kitu ambacho mkono wa mtu hubuni bila kulazimishwa. Nilimuuliza Babu kwa nini mambo hayo yamewekwa chini ya paa moja. Akasema ni kwa sababu yote humtoka mtu kwa furaha, na ndiyo maana Zuhura, nyota ya raha, hushangilia akiwa katika nyumba hiyo kuliko nyumba nyingine zote.

Lakini nyumba haisemi peke yake. Kila burji ina mwenyewe. Ukitaka kujua mtu anafurahia nini, mtafute mwenye nyumba ya tano. Yeye ni nyota gani? Amekwenda kukaa nyumba ipi? Yuko na nani, na ana nguvu au hana? Tabia ya nyota hiyo ndiyo aina ya furaha, na mahali ilipokaa ndipo mtu anapoifuata.

Alanyo alizaliwa tarehe nne Januari 1981, Mapacha wakichomoza. Hesabu: Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani. Nyumba yake ya tano ni Mizani, na mwenye Mizani ni Zuhura mwenyewe. Zuhura yuko Mshale, nyumba ya saba, nyumba ya mwenzi, ya mtu unayekutana naye uso kwa uso. Tena hayuko peke yake, amekaa na Mwezi ubavuni. Kwa hiyo furaha ya mtoto huyu ni watu. Atapenda kuimba na wenzake, kucheza ngoma, kushikana mikono, kuvaa vizuri. Peke yake atanyauka.

Na tazama bahati hii: Zuhura amelala katika Mshale, nyumba ya Mshtarii, nyota ya heri, na Mshtarii amelala katika Mizani, nyumba ya Zuhura. Wamebadilishana vitanda, kila mmoja ni mgeni wa mwenzake na mwenyeji wake. Furaha ya namna hiyo haikosi mtetezi.

Ndivyo nilivyomwona mwenyewe. Umesahau alivyokuwa akiicheza bendi ya polisi uwanjani, ana miaka minne, mpaka mkuu wa bendi akapoteza mdundo? Mpeleke penye nyimbo.

Kaka yako,
Saverio


Kisugu
1 Novemba 1987

Kaka Saverio,

Leo ni Watakatifu Wote, nimetoka kanisani. Habari za kwetu si mbaya. Bati limezibwa. Pole na kifua, kunywa tangawizi, uache kujifanya kijana.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Pale pa kuicheza bendi nilipasoma tena na tena kwa sauti, yule bibi wa chumba cha pili akidhani nasoma Injili.

Nilifanya ulivyosema. Nilimtia Alanyo katika kwaya ya watoto, nikamshonea gauni jeupe lenye riboni. Jumapili tatu amesimama mstari wa mbele amefunga mdomo. Mwalimu wa kwaya, Sista mmoja mpole, akamwuliza mbele yangu, "Mwanangu, mbona huimbi?" Akajibu, "Mimi hapana juwa kuimba. Mimi nataka kwenda." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema wiki nzima.

Unajua alikotaka kwenda? Kwa Obonyo. Huyu ni fundi Mjaluo hapo chini barabarani, anatengeneza masanduku ya bati na zile taa za mkebe ambazo Waganda wanaziita tadoba. Alanyo anatoroka kwenda kukaa kwenye vumbi lake kuanzia asubuhi. Ananyoosha misumari iliyopinda. Gauni jeupe nimelikuta lina tundu la cheche. Nilikwenda kumgombeza Obonyo, naye akanicheka: "Mama, usikasirike. Huyu mutoto yako ako na akiri ya chuma. Naonyesha yeye mara moja tu, anashika. Vijana yangu hapana weza." Nikamwambia mtoto wangu si wa chuma, ni wa nyimbo. Nikamvuta mkono mpaka nyumbani.

Nilimpiga, Saverio. Si sana. Hakulia, na hilo ndilo lililonikera.

Angalia tena karatasi yako. Huenda umehesabu vibaya.

Hukunijibu kuhusu tarumbeta.

Lakica


Bungoma
22 Novemba 1987

Dada Lakica,

Salamu. Tangawizi nimekunywa, kifua kimenyamaza, sasa tumbo ndilo linalonung'unika. Mke wa Mzee Nyongesa amejifungua mtoto wa kike na sokoni hapakulalika kwa vigelegele.

Umeniambia nitazame tena, nimetazama. Na kwa kweli kuna mahali mtu angeweza kukosea, nawe una haki ya kuuliza.

Burji moja huchukua karibu saa mbili kuchomoza, kisha inayofuata inashika. Jioni ile ya tarehe nne, Mapacha walikuwa wanamalizia kupanda. Muda mfupi tu kabla ya saa kumi na mbili, Kaa akashika mahali pao. Mtoto angechelewa kidogo kulia, nyumba zote kumi na mbili zingesogea. Ya tano isingekuwa Mizani, ingekuwa Nge, na mwenye Nge ni Mirihi, nyota ya moto, chuma na vyenye ncha. Mirihi siku hiyo alikuwa Ndoo, nyumba ya nane kwa kuhesabu kutoka Kaa, mahali pa mafichoni. Mtoto wa hesabu hiyo angependa nyundo kuliko wimbo, na angependa kukaa nayo pembeni, mbali na macho ya watu. Yaani angekuwa huyu unayenielezea. Nilipoona hivyo nywele zilinisisimka.

Lakini Lakica, ni nani aliyepiga tarumbeta ya kuteremsha bendera siku ile? Ni mimi. Bendera inashuka saa kumi na mbili kamili. Tulikuwa bado tunajipanga, mkanda wangu haujakaa sawa, nikasikia kilio kutoka safu ya nyumba zenu na wanawake wakipiga vigelegele. Oryem mumeo alikuwa kwenye mstari, nami nikamwona akisimama wima huku machozi yanamtoka, maana hakuruhusiwa kuondoka. Tulisubiri muda wa kutosha kwa sajini kututukana mara mbili. Kisha ndipo nikainua tarumbeta. Mtoto alilia Mapacha wakiwa bado juu ya mlango. Saa hiyo siwezi kuikosea, niliingoja nimesimama.

Vita vinaweza kumnyamazisha mwenye nyumba. Nimeona watu wazima walioacha kucheka kabisa. Lakini vita havimtoi Zuhura kitini na kumkalisha Mirihi. Anayenyamaza huwa bado anapenda kile alichokuwa akipenda. Ukipiga ngoma, mguu wake utajisahau.

Je, mguu wa mtoto hujisahau?

Saverio


Kisugu
5 Desemba 1987

Saverio,

Hatujambo. Kahawa imepungua ghalani.

Sogeza saa. Kuna ubaya gani? Sajini alikuwa mlevi, kila mtu Naguru alijua, na saa yake ilikuwa ya kuazima. Huenda bendera ilichelewa. Huenda uliyemsikia akilia ni mtoto mwingine. Andika Kaa. Andika kwamba Alanyo wangu ni wa Mirihi na anapenda misumari, nami nitaifunga karatasi hiyo kitambaani na kulala usingizi. Ni muda mfupi tu, umesema mwenyewe.

Ukishindwa, basi. Masista wana nyumba ya watoto wasio na watu. Nimekwisha kuzungumza nao. Asipoimba Pasaka, nitampeleka huko. Siwezi kila siku kumtazama akivaa lile gauni na asiwe kitu.

Mguu wake haujisahau. Ukipiga ngoma anaondoka.

Lakica


Bungoma
24 Januari 1988

Dada yangu Lakica,

Barua yako imenifikia juzi. Makokha alikwama Tororo, mpaka ulifungwa, Busia risasi zililia, na kila mtu mwenye mzigo alionekana mpelelezi. Amefika amekonda, barua yako kaishonea ndani ya koti. Nashukuru mpo salama. Mwaka mpya uwe na heri.

Nimekesha nayo siku mbili. Nikitaka kukufurahisha, ni rahisi, nafuta mstari mmoja na kuchora mwingine. Lakini karatasi ile ndiyo kitu pekee nilichonacho cha mtoto aliyezaliwa wakati nimeshika tarumbeta. Sitaifuta, Lakica.

Kwa hiyo nimebaki na jambo moja. Saa ni sahihi, hesabu ni sahihi, na mtoto aliye mbele yako hafanani nayo. Umeandika "asiwe kitu". Umeandika "watoto wasio na watu". Umesema haitiki akiitwa. Na katika barua zako zote, ni katika ile ya kwanza pekee uliponiuliza Alanyo anapenda nini, ukataka nikuandikie yote nisikupunguzie. Mama hamwulizi mtu aliye mbali mtoto wake anapenda nini, isipokuwa kama hana tena namna ya kumwuliza mtoto mwenyewe.

Dada yangu, mtoto aliye Kisugu ni nani?

Usinijibu kama huwezi. Lakini kabla hujampeleka kwa masista, soma hili. Nimetoa karatasi yako pia. Wewe ulizaliwa Samaki wakichomoza. Nyumba yako ya tano, ya watoto, ni Kaa, na mwenyewe ni Mwezi. Mwezi wako yuko Mbuzi, nyumba ya kumi na moja, ambayo wazee waliita nyumba ya matumaini na ya marafiki, watu wasio wa damu. Yuko ng'ambo kabisa ya nyumba yake, anaitazama kutoka mbali. Nyota ikikaa mkabala na nyumba yake huwa ugenini. Haina raha, huvaa nguo za wenyeji zisizoikaa, na mtu asiyejua huiona baridi. Babu aliposoma hiyo kwako ukiwa msichana alisema, "Huyu mtoto wake mmoja ataingia kwa mlango wa nje." Mama akamkemea, nawe ulikuwa unachota maji.

Sisemi kwamba nyota zimeamrisha. Nyota hazimlishi mtoto. Nasema tu kwamba wapo watoto wanaokuja hivyo, na wao pia wamo katika nyumba ya tano. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kaka yako anayekupenda,
Saverio


Kisugu
17 Aprili 1988

Kaka Saverio,

Umekaa miezi bila neno langu. Nilikuwa na hasira nawe. Kisha nikawa sina hasira, na hapo ndipo kuandika kukawa kugumu zaidi. Nisalimie nyumba ya Mzee Nyongesa na huyo mtoto wao.

Alanyo alikufa Iganga. Tulipokimbia Januari ile ya vita, mimi nilipanda lori nikufuate wewe mpakani. Surua ilimshika njiani. Tulilala katika kanisa lililojaa watu, akaimba kidogo kwa homa, asubuhi akawa amekwisha. Mzee mmoja na jembe alinisaidia kumzika nyuma ya kanisa. Hukuwapo wewe wala Oryem, wala hakuna aliyejua jina lake isipokuwa mimi.

Katika kanisa lile alikuwapo msichana wa umri wake. Watu walisema mama yake alikuwa mchuuzi kutoka upande wa Busia, amepotea katika risasi za barabarani. Alikuwa ameshika bawaba iliyong'oka mlangoni, anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Hakuna aliyemchukua. Nilimvika gauni la Alanyo kwa sababu alikuwa anatetemeka. Nilipofika Kampala jirani akasema, "Maama, Alanyo amekua!" Sikumrekebisha. Kesho yake nikaona siwezi tena kumrekebisha mtu yeyote. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Uliponiandikia kwamba Alanyo angependa kuimba na watu na kushikana mikono, nililia kwa furaha, maana ilikuwa habari yake mpya. Mtu aliyekufa hapatikani na habari mpya. Nikataka niione kwa macho, basi nikamtwika huyu.

Pasaka ilifika. Hakuimba. Jumatatu nikamfungia nguo zake katika leso na kumpeleka kwa masista. Tumefika langoni, komeo limekwama, mlinzi analisukuma na kulitukana. Mtoto akauachia mkono wangu, akachuchumaa, akalitazama, akaokota jiwe na kugonga mara moja chini ya bawaba. Lango likafunguka. Akanigeukia, Saverio, na akacheka! Meno mawili ya mbele hana. Sikuwa nimewahi kuyaona mapengo yake. Kisha akaona leso mkononi mwangu, akakumbuka tulikokuwa tunakwenda, na uso ukafungwa tena. Alikuwa amejifungulia mwenyewe lango la kuachwa.

Nikakaa chini palepale. Nikamwuliza, "Wewe jina lako nani?" Ndiyo mara ya kwanza kumwuliza. Alinitazama, anahofu ni mtego. Akasema, "Nabwire."

Tulirudi nyumbani. Njiani tulipita kwa Obonyo.

Sasa niambie, kaka, maana sina tarehe wala saa yake. Mtoto asiye na hesabu anasomwaje?

Lakica


Bungoma
8 Mei 1988

Dada Lakica,

Nimelia, kisha nimefua shati, kisha nimelia tena. Pole, mama Alanyo. Nakuita hivyo makusudi, jina hilo lisikupotee.

Kwanza nikuambie nilichokuficha. Katika ile nyumba ya tano ya Alanyo, Mshtarii hakuwa mgeni peke yake. Zuhali, nyota ya huzuni, alikuwapo pia, wamekaa bega kwa bega. Na kwa aliyezaliwa Mapacha wakichomoza, nyumba ya nane, ya mauti, ni Mbuzi, na mwenyewe ni Zuhali huyohuyo. Mwenye nyumba ya mauti alikuwa ameketi katika nyumba ya michezo. Nililiona siku ile ile, nikalikunja, nikarudi kucheza na mtoto. Mtu anaweza kuwa na Zuhali hapo na akazeeka na wajukuu, ndiyo maana sikusema. Lakini uliponiomba nisikupunguzie, nilikupunguzia.

Tarumbeta niliitupa katika nyasi za mpakani Malaba, kwa sababu ilikuwa na nembo ya polisi na waliokuwa mbele yangu walikuwa wanapekuliwa. Tangu hapo sijaugusa mdomo wa chombo chochote. Ndilo jibu uliloliomba.

Sasa Nabwire. Asiye na saa husomwa kinyumenyume. Kwa mwenye saa, tunaanza na nyumba, tunampata mwenyewe, tunajua furaha. Kwake yeye tunaanza na furaha. Mtazame anapoachwa huru, anakwenda wapi, mkono wake unatafuta nini, anakuwa na nani, anajisahau wakati gani. Hapo utamjua mwenye nyumba kwa kazi zake, hata kama anwani yake hatuijui. Moto, misumari, nyundo, komeo la lango: huyo ni Mirihi, sina shaka.

Najua utaogopa, kwa kuwa Mirihi ni nyota ya vita na vita ndivyo vilivyotuchukulia watu. Lakini niko Bungoma, na hapa nimejifunza jambo. Watu wa huku hadi Busia hawampi mtoto jina ovyo. Nabwire ni msichana aliyezaliwa usiku. Mama yake, popote alipolala, ametuachia hesabu hiyo moja.

Nayo inatosha kwa jambo kubwa. Babu alifundisha kwamba nyota zina zamu kama askari. Zuhali ni wa mchana, Mirihi ni wa usiku. Anayezaliwa mchana humpata Mirihi akiwa nje ya zamu, mkali, joto juu ya joto. Anayezaliwa usiku humpata akiwa kazini kwake, ubaridi wa usiku umempunguza makali. Kwa mtoto wa usiku, chuma kilekile kinachokata watu huwa cha ufundi. Usimnyang'anye nyundo.

Saverio


Kisugu
3 Julai 1988

Kaka Saverio,

Hatujambo wote wawili. Makokha anakuletea pamoja na barua hii tadoba moja. Mshono wake umepinda, lakini haivuji, nimeijaribu. Ni ya kukeshea dukani. Aliyeitengeneza anasema utambi usiuvute sana.

Kwaya tumeacha. Mchana anashinda kwa Obonyo, jioni anakuja kuniambia mambo ya risasi ya kulehemu na mkasi wa bati, maneno mengi mpaka nachoka. Majirani niliwaambia ukweli mmoja mmoja. Bibi wa chumba cha pili akasema, "Sisi tulijua, tulikungojea wewe."

Nilimweleza Nabwire habari za Alanyo. Nilidhani atachukia, alivyovishwa nguo za mwenzake miaka miwili. Kesho yake akarudi na kipande cha bati, akaniomba nimwandikie jina hilo kwa mkaa. Akaligonga kwa msumari, tundu baada ya tundu, na ulimi umetoka nje kwa bidii. Obonyo akalitia kwenye ufito wa chuma.

Jumamosi tulikwenda Iganga. Nyuma ya kanisa pamelimwa viazi, lakini yule mzee wa jembe yu hai, akatuonyesha mahali. Nabwire hakukubali nimsaidie. Alichimba mwenyewe, akasimamisha ufito, akashindilia mawe, akautikisa kuona kama umeshika. Jina la mwanangu likasimama hapo. Kisha akaja kukaa karibu nami, mikono yote udongo, akaniuliza:

"Yeye alikuwa napenda nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote uliyoniandikia, nyimbo, ngoma, watu, kushikana mikono, na bendi ya polisi ilivyopoteza mdundo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, Saverio. Nilisema mpaka jua likashuka, na yeye amenishika mkono.

Dada yako,
Lakica,
mama Alanyo na Nabwire